Miguu ya nyuma ya kiti

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko Moshi, najifunza kuchora mwenyewe. Kila nikichora kiti cha mbao cha sebuleni kinatoka kama kinataka kuanguka, miguu ya nyuma haikai sawa kabisa. Rafiki mmoja ananiambia nichore bila kutazama karatasi, mwingine anasema nichore nafasi zilizo kati ya miguu. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Shika la nafasi. Kuchora bila kutazama karatasi ni zoezi zuri, ila linafundisha jicho kufuata ukingo polepole. Vipimo humo huvurugika hata kwa mzoefu, na kinachokusumbua wewe ni vipimo.

Kiti kinakushinda kwa sababu unakijua mno. Unajua miguu minne inalingana, basi unaichora imelingana, nyayo zote mstari mmoja. Unajua kikalio ni mraba, basi unakichora kipana kana kwamba unakitazama ukiwa darini. Kaa mita mbili na nusu kutoka kwenye kiti uone: kikalio kinabaki utepe mwembamba, na nyayo za nyuma ziko juu kuliko za mbele. Lakini ule uwazi chini ya kikalio hujawahi kuukariri umbo lake, kwa hiyo ukitaka kuuchora huna budi kuutazama.

Chukua kipande cha boksi, kata dirisha la sentimita 6 kwa 8. Kwenye karatasi chora fremu ya 18 kwa 24, yaani mara tatu yake. Geuza kiti upande kidogo, mbele ya ukuta mtupu. Fumba jicho moja, shika boksi wima umbali wa kama shubiri moja kutoka usoni, ulisogeze mpaka kiti kiguse ukingo wa juu na wa chini wa dirisha.

Anza pembeni: chora umbo la uwazi ulio kati ya fremu na egemeo, kisha ule wa upande wa pili. Halafu uje kwenye uwazi wa kati ya miguu miwili ya mbele, ambao chini utaufunga kwa mstari wa kufikirika kutoka wayo mmoja hadi mwingine. Nyoosha mkono, kiwiko kikaze, upime upana wake kwa penseli, kisha uone kipimo hicho kinaingia mara ngapi kwenye urefu. Tuseme kimeingia mara moja na robo; basi ukiuchora upana wa sentimita 8, urefu uwe 10. Nafasi nyingine zote zilinganishe na hii.

Ndani ya uwazi huo utauona mguu wa nyuma umepita. Usiuchore. Chora kipande cha uwazi kilicho kushoto kwake, kisha cha kulia, na pale mguu unapoishia acha vipande hivyo viungane. Vitie kivuli vyote kwa penseli. Mguu utabaki mweupe katikati, na wayo wake utakuwa umeishia juu ya ule mstari wako, penye nafasi yake.

Ukimaliza ukakuta mguu mmoja umenenepa mara mbili ya wenzake, usiuchonge. Kuna nafasi uliyoikosea kabla yake, na mara nyingi kosa liko kwenye kikalio: umekipa kina kingi, kikasukuma kila kitu kilicho chini. Pima upya hapo kwanza. Kosa jingine ni kichwa: unainama kuchora, ukiinuka unarudi mahali tofauti, na maumbo yote yanabadilika. Tafuta alama, mfano pembe ya egemeo iliyogusana na ufa fulani ukutani, na kila ukiinuka hakikisha bado zinagusana.

Zoezi la rafiki yako wa kwanza lifanye siku nyingine kwa mkono wako mwenyewe, kwa dakika kama kumi, karatasi ukiwa umeipa mgongo na peni haiinuki. Ukipata vidole vitano safi vilivyopangika, umechungulia au umechora kwa kumbukumbu. Mchoro wa kweli wa namna hiyo huwa umepinda ovyo, lakini kipande kimoja kimoja, labda mikunjo ya kifundo cha dole gumba, kiko sahihi kuliko ulivyowahi kuchora.

Zoezi la nafasi nalo lina mpaka wake. Sufuria haina matundu ya kukusaidia, zaidi ya lile la mpini, na mviringo wa tumbo lake unahitaji kivuli na mwanga. Ila kwa kuwa uko Moshi, liko somo jingine la nafasi linalokufaa: amka mapema kabla mawingu hayajafunga, uchore mbingu iliyo kati ya Kibo na Mawenzi. Wanafunzi wangu wengi huibana, vilele vikakaribiana kama mapacha. Pima upana wa mbingu hiyo dhidi ya upana wa kilele cha Kibo kabla hujaweka mstari wowote wa mlima.