Mhusika anayetetemeka akianguka katika Unity

"Mhusika wangu akishaanguka mikono yake inatetemeka, haitulii. Nirekebishe wapi?"

Ndugu, anza na uzito. Kuongeza `Solver Iterations`, kama alivyoshauri mwenzetu mmoja, kunasaidia, lakini hakutatosha iwapo kiganja cha kilo 0.1 kimeunganishwa na kigasha cha kilo 2, kwa kuwa uzito wa sehemu zinazoshikana haupaswi kufikia tofauti ya mara 10. Kipe kiganja kilo 0.5, hata kama si uzito wake halisi.

Kisha tazama `Swing 1 Limit` katika `Character Joint`: nyuzi 2 au 3 hukifanya kiungo kigonge ukomo wake huku na huku, kwa hiyo weka 0 ili kijifunge kabisa, au angalau nyuzi 5 hadi 15. Mapaja yakitetemeka pia, huenda kolaida zake zinaingiliana.