Upatu: zamu ya kwanza na ya mwisho

Swali: "Tuko 10, kila mwezi 10,000 kila mtu. Mimi ni wa mwisho. Ni haki kweli?"

— Mbona kila mtu anatoa 100,000 na anapata 100,000? Hakuna anayemdai mwenzake.

— Jumla ni sawa, shida ni muda. Wa kwanza akipokea 100,000 ametoa 10,000 tu, kwa hiyo anadaiwa 90,000 na analipa kwa miezi 9 bila riba. Wa mwisho ndiye anayemkopesha. Mkikubaliana thamani ya muda ni 1% kwa mwezi, kuchelewa zamu moja kunagharimu 1,000. Basi wa kwanza aongeze 4,500, wa pili 3,500, hivyo hivyo hadi wa tano 500. Wa sita apewe 500, na wewe wa kumi 4,500. Mfuko unabaki sawa.

— Sisi tunapiga kura, yameisha.

— Kura huondoa upendeleo tu, aliyeangukia mwisho bado anakopesha. Mzunguko wa pili geuzeni orodha: hesabu inasawazika, ila wa kwanza wa leo atasubiri miezi 19 kati ya zamu zake.

— Na wa kwanza akitoroka?

— Hapo 4,500 haikusaidii kitu. Zamu za mwanzo wapeni wenye mdhamini ndani ya kundi. Mdhamini naye apokee mwishoni, maana akishachukua chake mapema hamna cha kumzuilia.