Bei ya sukari ikishuka, pesa huenda kwa nani?

Swali la wiki: "Tunaambiwa soko likifunguliwa sote tunafaidika. Mbona basi kila sukari ya nje inapoingia kuna watu wanalia?"

Jibu la msomaji, Umoja, Nairobi

Mhariri, kazi yangu ni kununua malighafi ya kiwanda kidogo cha mikate hapa jijini, na kwetu ni Matungu, kaunti ya Kakamega, kwenye miwa. Sukari ya nje ikishusha bei, bosi wangu anatabasamu na ami yangu ananipigia simu kulalamika. Wote wawili wana haki.

Hoja ya wanaotaka soko lifunguliwe ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokubali. David Ricardo aliitoa mwaka 1817, na hakusema nchi inunue nje kile isichoweza kuzalisha tu. Alisema inunue hata kile inachokiweza, ikiwa kukizalisha kunainyima kitu chenye thamani zaidi. Kenya na Malawi zote hulima chai na miwa. Tuseme, kwa mfano tu, wafanyakazi wanaotoa tani moja ya chai Kenya wangeweza kutoa tani mbili za sukari, na kule Malawi wanaotoa tani moja ya chai wangetoa tani tano za sukari. Basi Kenya ikiacha tani mbili za sukari ipate tani moja ya chai, kisha chai hiyo ikabadilishwa kwa tani tatu za sukari ya Malawi, tumeongeza tani moja. Malawi nayo imepata kwa tani tatu chai ambayo ingeigharimu tano. Hesabu hii inasimama hata kama Malawi inatushinda katika mazao yote mawili. Ndiyo faida linganishi.

Tofauti yenyewe iko shambani. Muwa wa magharibi mwa Kenya hutegemea mvua, na kwa sababu ya mwinuko na ubaridi wake hukaa mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa. Nchalo, Malawi, kwenye bonde la Mto Shire, joto ni kali, maji ni ya kumwagilia, na muwa huvunwa kwa mwaka mmoja hivi. Hakuna mkutano wa hadhara utakaobadilisha hilo.

Sasa njoo Matungu. Katika mfano wangu wafanyakazi waliacha miwa wakaingia kwenye chai ndani ya sentensi moja. Ami hawezi. Shamba lake halifai chai, na mkataba wake na kiwanda unafunga ardhi kwa muwa wa kwanza na machipukizi yanayofuata, miaka mitano hivi. Muwa ukishakatwa unatakiwa kufika kiwandani ndani ya siku moja au mbili, la sivyo sukari iliyomo inapungua, kwa hiyo hawezi kutafuta mnunuzi wa mbali kama mwenye mahindi. Mitambo ya kiwanda nayo haijui kukamua kitu kingine. Hapa ndipo wachumi huuliza ni nani amefungwa kwenye zao na ni nani anayeweza kuhama. Mwenye trekta atabeba mchanga. Kijana mkata miwa atapanda basi la usiku aje kuendesha bodaboda Nairobi. Hasara kubwa humwangukia aliyebaki na shamba, na kiwanda kilichobaki na chuma.

Anayefaidika upande wa pili huenda hata asijue. Misri ni mnunuzi mkubwa wa chai yetu, na tuko nayo katika COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, lile lile linaloleta sukari bila ushuru. Mchuma chai wa Kericho hajawahi kuandamana kutetea sukari ya nje, ingawa mapato yake yanategemea milango hiyo ibaki wazi.

Niwape hesabu. Namba ni za kukadiria, nimezifanya nyepesi ili zifuatike. Tuseme nchi inakula kilo bilioni moja kwa mwaka, milioni 600 za viwanda vyetu na milioni 400 za nje zinazoingia kwa vibali. Bei ni shilingi 150. Soko linafunguliwa kabisa, bei inashuka hadi 120, na viwanda vyetu vinabaki kuzalisha kilo milioni 400. Walaji wanaokoa shilingi bilioni 30. Wazalishaji wanapoteza bilioni 12 kwenye kilo wanazoendelea kuuza, pamoja na takriban bilioni 3 kwenye zile milioni 200 walizoacha, nusu ya tofauti ya bei kwa kuwa gharama ya kuzizalisha nayo imeondoka: jumla 15. Wenye vibali, waliokuwa wakinunua kwa 120 na kuuza kwa 150, wanapoteza bilioni 12. Toa zote kwenye 30, nchi imebaki na faida ya bilioni 3.

Hapo ndipo mabishano ya redioni hupotea. Anayesema nchi imefaidika ni mkweli: kuna bilioni 3 ambazo hazikuwepo. Lakini ili zipatikane, bilioni 27 zimehama mfuko. Kwa Wakenya milioni 50, mlaji ameokoa shilingi 600 kwa mwaka. Nusu tu ya hasara ya wazalishaji ikiwaangukia wakulima 250,000, kila mmoja amepoteza 30,000, na hiyo ni karo. Wa 600 hatoki nyumbani kuandamana.

Tena hata zile 600 hazifiki zote. Mkate wetu wa gramu 400 una gramu 15 hivi za sukari. Sukari ikishuka kwa shilingi 30 kwa kilo, tunaokoa senti 45 kwa mkate, na hakuna duka litakalopunguza bei kwa senti 45. Kiwanda kinachooka mikate 10,000 kwa siku kinabaki na shilingi 4,500 kila siku. Nawaambia ninachokiona: bei ya mkate haikuguswa.

Wachumi hujibu kwamba walioshinda wanaweza kuwafidia walioshindwa na bado wakabaki na faida. Wanaweza, lakini fidia haijitokezi yenyewe, na sisi tulichagua njia nyingine. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 Kenya iliomba kinga COMESA ili kuzuia sukari isiingie bila kikomo huku ikirekebisha sekta: viwanda vya serikali vipewe wawekezaji, na mkulima alipwe kwa utamu wa muwa badala ya uzito. Kinga iliongezwa muda mara nyingi, na kwa miaka mingi mizani iliendelea kupima uzito tu. Kiwanda cha Mumias kilianguka mikononi mwa mrasimu, msimamizi aliyewekwa na benki iliyokidai, mwaka 2019, kinga ikiwa bado ipo. Viwanda vinne vya serikali vilikuja kukodishwa kwa kampuni binafsi mwaka 2025.

Kwa hiyo ami alibeba gharama ya ushindani na mimi nikabeba gharama ya bei ya juu, kwa wakati mmoja. Soko la vibali halijafunguliwa wala halijafungwa, na katikati yake hukaa ile bilioni 12 ya mwenye kibali, ambaye hana sababu ya kutaka mlango ufungwe wala ufunguliwe wote.

Mkitaka kujua mlango umefunguliwa kwa ajili ya nani, msiangalie meli. Chukueni bei ya sukari inapotua Mombasa, ongezeni usafiri na kodi, kisha linganisheni na bei ya gunia la kilo 50 kwa muuzaji wa jumla Nairobi. Pengo likibaki lilelile miezi miwili baada ya sukari kushushwa, faida imeishia njiani.