Kiwanda kimelipa faini, mto bado mweusi

Swali: "Wakili, naandika insha ya sheria ya mazingira. Kiwanda cha ngozi kando ya mto wetu hapa Kenya kilishtakiwa kikalipa faini, lakini maji bado meusi na yananuka. Je, faini si ndiyo kanuni ya mchafuzi hulipa?"

Jibu: Siyo. Faini huingia kwenye hazina ya serikali, mto haupati kitu. Kifungu cha 2 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 kinasema mchafuzi abebe gharama za kusafisha, fidia kwa walioathirika, na thamani ya matumizi yaliyopotea, mathalani maji ya kunywesha mifugo. Kifungu cha 72 nacho kinamtaka aliyehukumiwa alipie usafishaji juu ya adhabu yake. Ukipata nakala ya hukumu, angalia kama upande wa mashtaka uliomba amri ya kulipia usafishaji. Mara nyingi hapo ndipo kesi inapopwaya.

Insha yako ikae zaidi kwenye neno moja la kifungu cha 2: mchafuzi ni yule "aliyetiwa hatiani". Ukilisoma hivyo tu, kiwanda kisichoshtakiwa hakilipi. Kwa maoni yangu tafsiri hiyo ni finyu mno, na kuna njia mbili za kuikwepa. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inaweza kutoa amri ya kurejesha mazingira chini ya kifungu cha 108 bila kesi ya jinai. Na Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani bila kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walipita njia ya Katiba dhidi ya sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na NEMA yenyewe ikabebeshwa sehemu yake.

Njia yoyote utakayoichagua, utetezi utakuwa ule ule: mto ulikuwa mchafu kabla ya kutufikia. Jibu lake ni chupa tatu za maji za siku moja: mtoni kabla ya kufika kiwandani, kwenye mdomo wa bomba, na mtoni baada ya bomba. Tuseme kipimo cha BOD, yaani oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu, ni miligramu 8 kwa lita juu, 180 bombani na 60 chini. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka kikomo cha 30 bombani. Sasa kiwanda hakina pa kujificha.

Lakini chupa ikikaa juani mchana kutwa, vijidudu huendelea kula na namba hushuka. Ziwekwe kwenye barafu, zifungwe kwa lakiri mbele ya mwakilishi wa kiwanda, na kila anayezipokea atie sahihi na saa. Mkaguzi wa NEMA ndiye azichukue. Za wakazi zinafaa kumwonyesha saa ambazo bomba hufunguliwa, kwa kuwa viwanda vingine humwaga usiku.