Foresta ya kuinuliwa: soma namba ya injini kwanza

Msomaji wa Kisumu ameniandikia: "Kaka, nimeona Subaru Forester ya 2005 pale Kondele. Imeinuliwa, ina injini ya tabo, na muuzaji anasema logibuku iko sawa kwa sababu sisi za injini ni zilezile. Nilipe?"

Usilipe. EJ20 ya tabo na EJ20 ya kawaida zote ni sisi 1,994, kwa hiyo mtu anaweza kubadilisha injini na logibuku isionyeshe chochote upande wa sisi. Kinachomfichua ni namba yenyewe. Kwenye injini hizi imegongwa juu ya bloku, karibu na pale inapoungana na giaboksi. Beba tochi na kitambaa, maana huwa imefunikwa na mafuta.

Mimi nilifanya hivyo hapa Nakuru, Forester niliyo nayo sasa ikiwa bado ya muuzaji. Muuzaji alinicheka mbele ya mafundi wake, akaniita mnunuzi wa maswali (bado inaniuma kidogo). Namba ya chesisi ilikubaliana na logibuku, ya injini ikakataa. Nikamwambia abaki na gari mpaka apeleke risiti ya injini NTSA, gari likaguliwe na rekodi zibadilishwe. Alinuna, lakini alirudi. Nilitoa mwenyewe nakala ya rekodi kwenye eCitizen, sikuitegemea karatasi aliyonionyesha. Ndugu zangu, injini isiyo na karatasi ikigundulika ya wizi, polisi watakuuliza wewe, na bima nayo itapata sababu ya kukukatalia fidia.

Baada ya hapo ndipo nililala chini ya gari. Lilikuwa limeinuliwa kwa speza juu ya shokamzoba. Speza haiongezi urefu wa shokamzoba. Inasukuma gurudumu lote chini, na shafti ya gurudumu inabaki imeinama kuliko ilivyoundwa. Tulipiga jeki, gurudumu likaning'inia, nikakata usukani hadi mwisho kila upande. Paipu ya breki ikikazika kama kamba ya kuanikia nguo, gari hilo usilichukue kabla haijawekwa ndefu zaidi. Angalia pia kama mipira ya jointi za shafti imepasuka na kumwaga grisi, kisha endesha polepole huku umekata usukani kabisa. Mlio wa ka-ka-ka ni jointi inayokufa.

Kujua kama kompyuta ya injini imechezewa, washa swichi bila kupiga injini. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, balbu imekufa au kuna mtu ameizima ili usione hitilafu.

Hiyo ya Kondele, muulize pia kama breki zilibadilishwa pamoja na injini. Wengi huongeza nguvu na kuacha breki za gari la kawaida. Akisema zilibadilishwa, akuonyeshe risiti, na fundi wako, si wake, atoe magurudumu ya mbele azitazame.