Jibu: Mchezo wa sehemu na pointi za kujaribu tena

"Jamani, natengeneza mchezo wa hesabu za sehemu kwa watoto wa darasa la nne, P4, hapa Jinja. Nikitoa pointi kwa kujaribu tena, wanabonyeza ovyo tu hadi wapate. Nifanyeje?"

Ndugu, wanabahatisha kwa sababu swali linabaki lilelile. Kukiwa na majibu matatu ya kuchagua, jaribio la tatu hata aliyefumba macho anapata. Ondoa machaguo, mtoto akate chapati mwenyewe kwenye skrini.

Chukua 1/2 + 1/3. Wengi watajibu 2/5, wamejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Usiwaandikie "umekosa" (kelele ile ya buza ndiyo mbaya zaidi). Weka 2/5 ya chapati kando ya nusu, mtoto aone jibu lake ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Kisha chapati ikatwe vipande 6: nusu ni 3, theluthi ni 2, jumla 5/6.

Jaribio la pili lije na namba mpya, mfano 1/2 + 1/4, na akipatia apewe pointi sawa na aliyepatia mara ya kwanza. Akijibu 2/6, kosa ni lilelile, mrudishe kwenye picha. Akijibu 2/4, ameshaelewa vipande vilingane, ila nusu hajaigeuza kuwa robo mbili.