Kilemba kinajirudia ukutani

"Picha ya mama imekatwa 4:5, fremu ni inchi 8 kwa 12. Nikijaza juu kwa Content-Aware Fill, kilemba kinajirudia ukutani. Nifanyeje?"

Photoshop inachota kwenye kilemba kwa sababu hujaikataza. Kama picha ni pikseli 2400 kwa 3000, unahitaji 3600 kwenda juu. Kwenye Canvas Size weka Anchor chini katikati, ili pikseli 600 zote ziongezeke juu. Chini usiguse, itabidi ibuni mikono na gauni, na hapo ndipo inapoharibu.

Chagua sehemu tupu, ukiingia kidogo kwenye ukuta. Fungua Edit > Content-Aware Fill, kisha kwa Sampling Brush futa rangi ya kijani juu ya kilemba, uso na mabega, ubaki ukuta tu. Output To iwe New Layer. Kuza hadi 100%: ukiona pale paliporefushwa ni laini kuliko ukuta wa asili, ongeza Noise kidogo kwenye leya hiyo.

Kuna aliyependekeza Content-Aware Scale, inayoivuta picha yenyewe; hajakosea sana, ila ukuta ukiwa mwembamba hivyo utavutika mpaka uonekane michirizi.

Kama kilemba chenyewe kimekatwa juu, mimi ningeacha kurefusha, nikaweka paspatuu, ile kadi inayozunguka picha ndani ya fremu. Wengine hukichora upya kwa mkono.